Uzoefu wangu: kuingia benki kwa kidole, na zile arifa zake

Nina miezi mitatu tangu nianze kutumia programu ya simu ya benki yangu. Usajili wenyewe haukunisumbua. Niliipakua kutoka duka rasmi la simu, nikaandika namba ya akaunti, nikaletewa kwa meseji namba ya uthibitisho yenye tarakimu sita, kisha nikatunga namba ya siri. Mwisho ikaniuliza kama napenda kuingia kwa alama ya kidole. Nikakubali, nikagusa kitambuzi mara moja, basi.

Hiyo "mara moja" ndiyo niliyopaswa kuitilia maanani. Programu haikuniomba kusajili kidole upya, maana ilitegemea alama ambazo simu yangu ilikuwa nazo tayari. Na simu ilikuwa na alama mbili: ya kwangu, na ya mwanangu niliyemwekea zamani ili acheze michezo. Wiki ya pili alishika simu, akagusa ikoni ya benki, akaweka kidole chake, na salio langu likatokea mbele yake.

Huduma kwa wateja ndio walionielewesha. Benki haina picha ya kidole changu. Alama inabaki ndani ya simu, kwenye sehemu yake iliyofungwa, na programu inapouliza, simu inajibu tu kwamba kidole kimetambuliwa au hakikutambuliwa. Haisemi ni cha nani. Kwa hiyo kila kidole kilichosajiliwa kwenye simu, kwa programu ni kidole cha mwenye akaunti.

Nilikifuta cha mwanangu siku hiyohiyo, na kwa kuwa dole gumba langu la kulia hukataliwa likiwa na maji, nikaongeza la kushoto. Nilipofungua programu nikakutana na maandishi mekundu: "Alama za vidole kwenye kifaa hiki zimebadilika. Ingia kwa namba ya siri." Moyo ulinipasuka, nikajua nimeshaibiwa. Kumbe ni ulinzi. Mtu akiijua namba ya kufungulia simu yako, anaweza kuingia kwenye mipangilio na kuongeza kidole chake. Programu ikiona kidole kipya, inazima kuingia kwa kidole mpaka namba ya siri ya benki iandikwe. Lakini ulinzi huo unakufa kama namba ya kufungulia simu na namba ya siri ya benki ni moja, kama zilivyokuwa zangu. Nimeshazitenganisha.

Ukipata onyo hilo na wewe hujaongeza kidole, usiandike namba ya siri upesi upesi. Nenda kwanza kwenye mipangilio ya simu, hesabu vidole vilivyosajiliwa, na usichokijua kifute. Kisha badilisha namba ya kufungulia simu, maana aliyeongeza kidole anaijua.

Arifa nyingine iliyonifunza ilikuja usiku, kwa meseji, kwamba kifaa kipya kimeingia kwenye akaunti yangu na nibonyeze kiungo kuzuia. Ilikaa chini ya jina lilelile la benki, katika mfululizo uleule wa meseji za kweli za miamala. Hapo ndipo wengi tunaponaswa, kwa sababu jina la mtumaji linaweza kughushiwa, na simu hupanga meseji kwa kufuata jina hilo tu. Sikubonyeza. Nilifungua programu yenyewe, nikaingia sehemu ya "Vifaa vyangu", nikakuta simu moja tu, yangu. Historia ya arifa nayo haikuwa na kitu cha usiku ule. Asubuhi nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi yangu, wakanithibitishia kwamba hawakutuma.

Tangu hapo, kila ujumbe nauuliza swali moja: unanipa taarifa, au unanitaka nifanye kitu? Wa taarifa nauhakiki ndani ya programu. Wenye namba ya uthibitisho nausoma wote, maana benki yangu huandika namba hiyo ni ya kazi gani. Siku moja nilikuwa nalipa bili, ujumbe ukasema "kuongeza mpokeaji mpya". Kumbe nilikuwa nimebonyeza sehemu isiyo yake, nikarudi nyuma kabla sijaiandika.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kidole kinafanya kazi haraka na onyo la vidole kubadilika limewekwa vizuri sana. Nyota moja nimeinyima kwa sababu arifa yao ya kweli ya kifaa kipya, niliyoipata siku ya kujisajili, haitaji aina ya simu wala saa iliyoingia. Ingetaja "simu ya aina fulani, saa 3:10 usiku", mteja angejua papo hapo kama ni yeye au si yeye. Nimewaandikia kuhusu hilo, na bado nasubiri jibu.