Kufundisha Kiswahili Preply na italki: uzoefu wangu wa malipo, kughairi na wanafunzi

Walimu wenzangu hapa Moshi huniuliza swali lilelile kila mara: jukwaa lipi la kufundisha lugha mtandaoni linalipa vizuri? Kwa mwalimu wa Kiingereza au Kihispania swali hilo lina mantiki, kwa sababu wanafunzi wa lugha hizo hawakosekani. Kwa mwalimu wa Kiswahili mimi ningelianzia kwingine: saa yangu ikighairiwa, nani ataichukua? Jibu mara nyingi ni hakuna mtu. Wanaotafuta mwalimu wa Kiswahili ni wachache, na saa iliyoachwa wazi leo asubuhi itabaki wazi jioni. Nimefundisha kwenye majukwaa mawili ya namna hiyo, Preply na italki, na kila nilichojifunza kuhusu malipo kinarudi kwenye jambo hilo.

Nianze na makato, maana ndiyo yanayoonekana kwanza. Kwenye yote mawili unapanga bei yako mwenyewe. italki inakata asilimia 15 ya bei ya kipindi. Preply inakata kulingana na saa ulizokwisha kufundisha kwao: unaanza kwa asilimia 33, ukivuka saa 20 inashuka hadi 28, ukivuka 50 inakuwa 25, ukivuka 200 inakuwa 22, na baada ya saa 400 unakatwa 18. Juu ya hapo, kipindi cha kwanza cha majaribio na kila mwanafunzi mpya wa Preply ni chao chote. Mwanafunzi analipa, wewe unafundisha, na hupati kitu.

Watu wengi husikia hilo la majaribio wakakasirika, kisha wakalisahau wanapopiga hesabu. Lisisahaulike. Chukua mwalimu mpya aliyepanga dola 10 kwa kipindi. Tuseme amefanya majaribio matatu, wawili wakapotea na mmoja akabaki kwa vipindi kumi. Kwa Preply, vipindi kumi vyenye makato ya asilimia 33 vinamwachia dola 67. Lakini kazi aliyoifanya ni vipindi 13, na vikiwa vyote vya dakika 50 ni kama saa kumi na dakika hamsini. Ukigawa, anapata kama dola 6.20 kwa saa. Kwa italki mwalimu huyohuyo, akiuza vipindi vya saa nzima kwa dola 10, anabakiwa na dola 85. Majaribio ya kule ni ya dakika 30, na bei yake anaipanga mwenyewe. Hata tukiyahesabu kana kwamba hayakuleta senti, amefanya kazi saa 11 na nusu, ambayo ni kama dola 7.40 kwa saa.

Sasa mrudishe Preply akiwa ameshafika asilimia 18. Majaribio matatu yaleyale na vipindi kumi vilevile vinamwachia dola 82, yaani zaidi kidogo ya dola 7.50 kwa saa. Pengo limezibika. Kwa hiyo anayesema Preply inanyonya na anayesema italki haina tofauti wanaweza kuwa wote wakweli, ila mmoja yuko saa yake ya kumi na mwingine saa yake ya mia tano. Tatizo la mwalimu wa Kiswahili ni kwamba safari ya kufika saa 400 ni ndefu. Mwalimu wa Kiingereza mwenye kalenda iliyojaa anaweza kuimaliza kwa miezi michache. Mwenye wanafunzi watano wanaosoma mara moja kwa wiki anahitaji zaidi ya mwaka na nusu, na hapo hajahesabu likizo zao.

Ndiyo maana sheria ya kughairi imekuja kuwa kubwa kwangu kuliko makato. Kwa Preply mwanafunzi anaweza kughairi au kuhamisha kipindi bila gharama mpaka zibaki saa 12. Kwa italki mpaka zibaki saa 24, na ndani ya muda huo ni wewe mwalimu unayeamua kukubali au kukataa. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye kalenda ya mtu anayeishi Afrika Mashariki ni kubwa, na inategemea mwanafunzi wako anaamka wapi.

Mfano wa Ujerumani. Majira yao ya baridi wako nyuma yetu kwa saa mbili. Mwanafunzi anayetoka kazini na kutaka kusoma saa moja jioni kwake, kwetu ni saa tatu usiku. Mwisho wa kughairi kwa saa 12 unaangukia saa moja asubuhi ya kule. Hapo ndipo watu wanapoamka, wanaangalia siku yao, wanaona kikao kimeongezwa au mtoto ana homa, na wanahamisha darasa kabla ya kifungua kinywa. Hawajavunja sheria yoyote. Lakini wewe unabaki na usiku mtupu ambao hakuna Mjerumani mwingine atakayeununua ndani ya saa hizo 12. Kwa sheria ya saa 24, mtu huyo anapaswa kuamua jana yake jioni, na anayelazimika kuamua mapema hufikiri mara mbili kabla ya kuhamisha.

Hebu tuiweke katika fedha. Umetenga jioni nne kwa wiki kwa wanafunzi wanne wa Ulaya, dola 10 kila mmoja, makato asilimia 25. Wote wakija unapata dola 30. Mmoja akighairi kila wiki, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, unapata 22.50 kwa jioni nne ulizozifunga. Umepoteza robo ya pato. Hasara hiyo inazidi unachopata kwa kupanda daraja lolote la makato.

Kuna upande wa pili ambao nimeupenda sana, nao ni Wamarekani wa pwani ya magharibi. Walimu wengi huikimbia Marekani kwa sababu ya saa, na kwa New York wana haki: saa moja jioni ya kule wakati wa baridi ni saa tisa usiku kwetu. Lakini California iko nyuma yetu kwa saa 11 majira ya baridi. Saa mbili usiku ya San Francisco ni saa moja asubuhi ya Moshi. Mwanafunzi amekula, ametulia, na wewe umeamka na akili safi, intaneti bado haijalemewa. Tena mwisho wa kughairi kwa saa 12 unaangukia saa moja jioni kwetu, siku moja kabla. Unajua kabla ya kulala kama asubuhi utafundisha au la, hivyo hata akighairi huamki bure. Sheria ileile inayoniumiza jioni hainiumizi asubuhi. Tangu nilipoliona hilo, asubuhi nimeziachia pwani ya magharibi na jioni nazitoa kwa wanafunzi waliokwisha kuthibitika.

Angalizo moja la kalenda. Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha. Marekani huanza Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Katikati yake kuna wiki mbili au tatu ambazo Mmarekani amesogea na Mjerumani bado. Pitia kila kipindi kilichowekwa mapema na umwandikie mwanafunzi saa ya kwake na ya kwako, kwa sababu wewe ukikosekana sheria inageuka: anayehesabiwa kosa ni mwalimu, na kukosa kwako kunakushusha kwenye orodha ya utafutaji.

Kuhusu upatikanaji wa wanafunzi, Preply kwangu ilifungua mlango haraka zaidi. Inajitangaza kwa nguvu, na mwalimu mpya mwenye bei ya chini na video nzuri huonekana mapema. italki huwa inafungua na kufunga maombi ya walimu kwa kila lugha, kwa hiyo unaweza kukuta Kiswahili kimefungwa ukasubiri. Ukiingia bila cheti cha ualimu unasajiliwa kama mkufunzi wa jamii; ukiwa na cheti unaweza kuomba nafasi ya mwalimu mtaalamu. Kule wanafunzi walinifikia polepole, ila walipokuja walikuwa wamesoma wasifu wangu wote.

Ninachotamani kila mwalimu wa Kiswahili ajue ni kwamba aina ya mwanafunzi inabadilisha pato kuliko jukwaa. Mtalii anayekuja Serengeti au kupanda Kilimanjaro atajifunza salamu, bei na asante, kisha ataondoka. Ni mwanafunzi mzuri na ninampenda, ila kwa Preply jaribio lake nisilolipwa linafidiwa na vipindi vitatu au vinne tu. Aliyeoa au kuolewa Tanzania au Kenya anabaki, kwa sababu kuna mama mkwe anayesubiri kuzungumza naye. Mtoto wa Wakenya aliyekulia Uingereza anabaki. Mtafiti anayeandaa kazi ya uwandani anabaki na anajiandaa kabla ya darasa. Niliandika upya wasifu wangu nikiwalenga hao, nikataja mazungumzo ya kifamilia na kusoma habari, na majaribio yasiyozaa kitu yamepungua.

Preply humlipisha mwanafunzi kwa usajili unaojirudia kila baada ya wiki nne. Kwa mwanafunzi anayebaki huo ni msaada mkubwa, maana hakai akijiuliza kila wiki kama aendelee. Kwa mtalii haubadilishi chochote.

Niliwahi pia kufundisha kwa kampuni moja ndogo iliyolipa kiwango kisichobadilika kwa saa, juu kuliko nilichobakiwa nacho kwingine. Haikuwa na muda wa mwisho wa kughairi. Mwanafunzi aliweza kuandika dakika tano kabla na saa hiyo hailipwi. Kiwango kilikuwa kizuri, mwezi ulipoisha pesa ilikuwa ndogo. Ukiona tangazo la namna hiyo, uliza kwanza: mwanafunzi asipotokea, nani analipa? Wakikujibu kwa maneno ya jumla, omba sheria iwe kwenye mkataba.

Mwisho ni kutoa pesa. Kwa Tanzania PayPal inakuruhusu kutuma, haikuruhusu kupokea, kwa hiyo usijisajili popote ukitegemea hiyo. Wenzetu wa Kenya wanaweza kupokea PayPal na kuitoa kwenda M-Pesa. Mimi natumia Payoneer kwenda akaunti ya benki, na majukwaa yote mawili yanaikubali. Kila kutoa kuna makato yake, tena benki inabadilisha kwa kiwango chake, kwa hiyo naacha pesa irundikane kidogo kabla ya kuitoa. Kabla ya kumfundisha mwanafunzi wa kwanza, hakikisha jina la akaunti ya malipo linafanana herufi kwa herufi na jina la kitambulisho chako cha NIDA. Kama kitambulisho kina majina matatu na benki ina mawili, rekebisha benki kwanza.