Jampa au betri: kufuta mipangilio baada ya kuongeza kasi kupita kiasi

Nilipandisha kasi ya RAM kwenye BIOS kutoka 3200 hadi 3800, nikahifadhi, mashine ikagoma kuwaka: feni zinazunguka, skrini nyeusi.

Ili kufuta mipangilio hiyo ya BIOS, mimi huanza na jampa. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha tafuta kwenye ubao mama pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au JBAT1. Ziguse pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi hivi. Ukikosea pini unaweza kuharibu ubao, kwa hiyo soma maandishi kwa tochi kwanza.

Betri, ile CR2032 bapa kama sarafu, haihitaji kutafuta pini, ila mara nyingi imejificha chini ya kadi ya picha. Tena inataka subira. Wengi huitoa waya ukiwa bado ukutani, wakashangaa hakuna kilichobadilika: umeme wa akiba wa pawasaplai unaendelea kulinda mipangilio. Chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, toa betri, subiri dakika kumi.

Mwasho wa kwanza huchelewa, RAM ikipimwa upya, usiikatishe. Ukiona saa imerudi nyuma, ujue mipangilio imefutika.