Uzoefu wangu na AntConc: kuzipa rekodi za wazee wa Pemba vichwa vya habari na maneno ya kutafutia

Tuna rekodi 140 za wazee tulizokusanya Wete na vijiji vya jirani, na kwa miaka ziliitwa `REC_0031`, `REC_0032`, hivyo hivyo mpaka mwisho. Mazungumzo yote yalikwishaandikwa, ila kijana wa skuli akija kuuliza habari za makonyo ya karafuu, hakuna aliyeweza kumwambia afungue ipi. Mwaka huu nimeifanya kazi hiyo kwa AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Haisikilizi sauti, inasoma maandishi tu, na kila rekodi nimeihifadhi kama faili la `.txt`.

Nieleze rekodi ya 31, kwani ndiyo iliyonifunza. Ni dakika 47 za mzee wa Mtambwe akisimulia mchumo wa karafuu wa ujana wake. Kwanza nilihesabu maneno yanayotokea sana. Yakaja juu "na", "ya", "kwa", "basi", "yaani". Hayo yangekuja kwa mzee yeyote.

Nikahamia sehemu inayoitwa `Keyword`. Hapo unaweka faili lako upande mmoja na maandishi ya kulinganishia upande wa pili; mimi niliweka zile rekodi 139 zilizobaki. Programu inaangalia neno gani limetumika hapa kuzidi kiasi chake cha kawaida kule, na hilo ndilo linalopanda juu. Safari hii nikapata "makonyo", "majamvi", "pishi", "kuchambua". Nilifurahi kweli, kwani ndiyo kazi yenyewe: karafuu hutenganishwa na makonyo yake, huanikwa juani kwenye majamvi, na mchumaji hupimiwa kwa pishi.

Lakini "karafuu" haikuwemo kabisa kwenye yale ya juu. Nikadhani nimekosea kuweka mafaili, nikarudia, ikawa vile vile. Sababu nikaja kuiona: kwetu Pemba karibu kila mzee anaitaja karafuu, kwa hiyo neno hilo haliitofautishi rekodi hii na nyingine. Programu inakuonyesha kinachoitenga rekodi na wenzake, si lazima kile inachokihusu. Tena mzee mwenyewe hakuitaja mara nyingi. Alisema "zile", "zao", "tukishazichuma", maana anayemsikiliza anajua ni kitu gani.

Kwa hiyo orodha ile naichukua kama mapendekezo, kisha nasoma maandishi na kuongeza neno kuu kwa mkono wangu. Sizidishi maneno manane. Pale mzee aliposema "Shirika", akiwa na maana ya wanunuzi wa karafuu wa serikali, nimeandika "Shirika" na pia "ZSTC", kwani mtafutaji wa leo huenda akaandika hilo la pili.

Jambo jengine ni maswali ya mhoji. Mhoji wetu alimuuliza kila mzee habari za skuli, na neno hilo likaingia hata pale mzee alipojibu "sikusoma" akaendelea na yake. Sasa naondoa mistari ya mhoji kabla ya kuhesabu:

```
grep -v '^MHOJI:' 031.txt > 031_mzee.txt
```

Maandishi kamili nayaweka, maana kichwa cha habari hakiandikiki bila kujua mzee alikuwa akijibu nini.

Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu hapa. Programu inahesabu "tulichuma", "wakichuma" na "mchumo" kuwa maneno matatu yasiyohusiana, na kila moja linaonekana dogo. Ukitafuta `*karafuu` unapata karafuu, mkarafuu na mikarafuu kwa pamoja, vizuri sana. Ukitafuta `*chum*` unapata wachumaji, lakini pia chumvi na chumba. Hapo nafungua `KWIC`, inayoonyesha neno pamoja na maneno ya kushoto na kulia kwake, na kwa jicho moja najua lipi ni lipi. Na kwa kuwa mwandishi mmoja aliandika "mti" na mwengine "nti" kama tunavyotamka, kwenye maneno ya kutafutia natumia umbo moja la Kiswahili sanifu, maandishi ya mzee siyagusi.

Kichwa cha kwanza nilichoandika kilikuwa "Maisha ya zamani Pemba". Kingefaa rekodi zote 140, nikakifuta. Sasa kinasomeka: "Mchumo wa karafuu Mtambwe: kuchambua makonyo, kuanika na kupimiwa pishi". Asiyewahi kuisikia rekodi anajua atakuta nini ndani.

Upungufu mmoja umebaki. AntConc haijui dakika. Neno "makonyo" linanipeleka kwenye mstari wa maandishi, si kwenye sauti, na dakika 47 ni nyingi kuzipekua. Nimeanza kuandika alama kama `[31:00]` ndani ya maandishi kila baada ya dakika moja. Ni kazi ya mkono na inachosha, nimefika rekodi ya 58.