Tempe: tuikate tuone kama imeshikana

Haya, karibuni. Leo mezani nina tempe, chakula cha soya chenye asili ya Java, Indonesia. Hii nimeinunua hapa Uholanzi, duka la vyakula vya Kiindonesia, gramu 400, bado mbichi. Najua mtaniuliza: huo weupe si ukungu? Ni ukungu, tena ndio unaouzwa.

Tazameni nikikata. Kisu kimepita na punje zimekatika katikati, hakuna iliyochomoka. Sasa nachukua kipande chembamba, nakishika upande mmoja tu... kinapinda kidogo, hakimeguki. Hapo ndipo ninapoipima tempe.

Ndani humu hakuna unga wala yai la kushikanisha. Soya imechemshwa, ikachujwa na kupoa, kisha ikachanganywa na mbegu za kuvu aina ya Rhizopus. Ikikaa kwenye joto la nyuzi 30 hivi za selsiasi, kuvu hutoa nyuzi nyembamba kama pamba. Nyuzi hizo huingia kidogo ndani ya punje, lakini kazi kubwa huifanya nje: hujaza kila upenyo kati ya punje na punje, zikasokotana. Siku moja au mbili, punje zote zimekuwa bonge moja.

Ila punje lazima ziwe zimemenywa, kwa sababu nyuzi hazipenyi ganda. Oneni hapa pembeni, nikibonyeza punje tatu zinalegea. Nikizichokoa, si ndiyo hayo maganda! Mtengenezaji kafanya haraka.

Na hizi alama nyeusi? Zisiwatishe. Zimezunguka vitundu vya mfuko. Kuvu inahitaji hewa, lakini inapoipata nyingi huanza kutoa mbegu zake, nazo ni za kijivu au nyeusi. Inalika. Mkiona utelezi, au rangi ya waridi au kijani, au harufu kali ya amonia ikiwapiga puani, hiyo msiionje hata kidogo, tupeni. Mara nyingi utelezi ni bakteria waliowahi kabla ya kuvu, hasa soya ikifungwa ingali na maji. Yangu inanukia uyoga, safi.

Sasa jikoni. Vipande vya nusu sentimita nimevilowesha kwenye maji ya chumvi, kitunguu saumu na giligilani ya kusaga, kama wafanyavyo Java. Nakausha, natia kwenye mafuta ya moto... Mnasikia? Nje imekauka, ndani bado unatafuna punje nzima. Bila viungo ni doro, nisiwadanganye.

Naipa saba kati ya kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya maganda, moja kwa bei. Mkiinunua iwekeni kwenye friji siku hiyohiyo, maana kuvu ingali hai, na nyumba ikiwa na joto itaendelea kukua mpaka iwe nyeusi yote.