Mashine ya Kwanza ya Espreso: Anza na Kisagio

Mwenye dola 400 (za Kenya ni shilingi 50,000 na kitu) akiingia kutafuta mashine ya espreso, karibu kila mara hutumia 350 kwenye mashine, na zinazobaki anazipeleka kwenye kisagio cha visu, kile cha kusagia iliki na mdalasini. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Kahawa ilimiminika ndani ya sekunde 9, nyepesi kama chai ya rangi, chachu mwanzoni na chungu mwishoni. Nikasema mashine mbovu. Mashine haikuwa na kosa.

Espreso ni maji ya moto yanayosukumwa kupita kwenye kahawa iliyoshindiliwa, kwa presha ya baa 9 hivi, kwa muda wa sekunde 25 hadi 30. Pampu peke yake haiumbi presha hiyo. Presha hutokea pale maji yanapokutana na kizuizi, na kizuizi ni unga wa kahawa. Ukiwa mkubwa mno, maji hupita bila kipingamizi na presha haipandi. Ukiwa mchanganyiko wa chenga na vumbi, kama unavyotoka kwenye visu, maji hutafuta penye upenyo na kuchimba kijia: pale yanapopita kahawa hunyonywa kupita kiasi ikawa chungu, na kwingine inabaki karibu mbichi ikawa chachu. Ndiyo maana kikombe kimoja kilikuwa na kasoro zote mbili.

Kahawa chungu ya dele haina shida hii. Inachemka polepole juu ya mkaa, na chenga kubwa hupata muda wa kutoa ladha yake. Espreso haina muda huo.

Kinachotakiwa ni kisagio cha meno mawili ya chuma yanayosagana, kinachorekebishwa kwa hatua ndogo sana. Hilo la hatua wengi hawaliulizi dukani. Visagio vingi vya mkono vya bei nafuu vimetengenezwa kwa ajili ya kahawa ya kuchuja. Vinasaga laini, ndiyo, lakini hatua moja tu inakutoa sekunde 15 na kukutupa sekunde 45, na muda unaoutaka uko katikati, usipofikika. Kwenye kisagio cha mkono kinachofaa espreso, kama Kingrinder K6, kila mlio mmoja wa kirekebishi husogeza meno mikroni 16. Hapo ndipo unaponunua espreso yenyewe.

Jirani aliniazima kisagio cha mkono cha aina hiyo, nami nikarudi kwenye mashine ileile niliyoilaani. Nilipima gramu 16 za kahawa ya Moshi iliyokaangwa wiki mbili kabla, nikilenga kupata gramu 32 kikombeni, mizani ikiwa chini ya kikombe. Mara ya kwanza zilitoka kwa sekunde 13, chachu. Nikakaza milio mitatu bila kugusa kitu kingine chochote: sekunde 20, bado ina makali. Nikakaza miwili zaidi, ikawa 27. Ikatoka nzito kama asali mwanzoni, halafu ikapauka taratibu, na kwa mara ya kwanza nikaisikia ile ladha tamu iliyokuwa imeandikwa kwenye mfuko. Ukibadilisha kiasi cha kahawa na usagaji kwa pamoja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kwa hiyo, kwa dola 400, hivi ndivyo ninavyopanga. Bei ni za makadirio za ng'ambo, kabla ya usafiri na ushuru.

Nafasi ya kwanza: kisagio cha umeme chenye meno bapa, kama DF54 cha dola 230 hivi, pamoja na mashine ndogo ya De'Longhi, Stilosa au Dedica, uipate kwa punguzo au iliyotumika. Ndiyo, kisagio kimeizidi mashine bei. Mashine hizi huja na kichujio cha kuta mbili chenye tundu moja dogo chini, na tundu hilo ndilo linaloleta presha badala ya kahawa. Linatoa povu zuri la kahawia hata kwa unga uliochakaa, na povu hilo hudanganya wengi. Nunua kichujio cha kawaida cha ukuta mmoja, cha milimita 51, na kishindilio cha chuma cha kipimo hicho. Kile cha plastiki kinachokuja nayo weka droo. Udhaifu wa mashine hizi ni joto kuyumba. Pitisha maji matupu kikombe kimoja kabla ya kuweka kahawa: chuma kinapata moto na kikombe pia.

Nafasi ya pili ndiyo ningeichagua kama nyumbani umeme hukatika, au kama hunywi maziwa: kisagio kizuri cha mkono, dola 100 hadi 170, na mashine ya wenzo ya Flair ya bei ya chini. Unachemsha maji kwa birika, hata la gesi, na presha unaitia kwa mikono yako. Haina bomba la mvuke, kwa hiyo kapuchino usahau. Kusaga gramu 16 kwa ajili ya espreso ni dakika moja ya jasho, na kahawa ya Nyeri iliyokaangwa kidogo ni ngumu zaidi ya hapo. Wageni wanne wakija, utajua.

Ya tatu: Gaggia Classic iliyotumika pamoja na kisagio cha mkono. Ni mashine ya tangu 1991, yenye kichujio cha milimita 58 kama za mikahawani, vipuri vyake vinapatikana na inafunguka kwa bisibisi. Ningeipandisha juu kama si bahati nasibu ya kununua kilichotumika. Muulize muuzaji maji ya kwao yakoje. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko wa chokaa ndani ya chemshio. Ukiona maji yanatoka kwa kudondoka huku pampu inanguruma, iache hapo.

Ya nne ni zile zenye kisagio ndani yake, mfano Barista Express ya Breville. Kwa anayetaka kifaa kimoja mezani inafaa, lakini mpya inapita bajeti yetu, na siku kisagio kikifa au ukikitamani kilicho bora zaidi, vyote viwili vimefungwa kwenye boksi moja.

Mwisho kabisa: mashine ya bei rahisi iliyoandikwa baa 20 kwa herufi kubwa, pamoja na kahawa ya unga ya pakiti. Tarakimu hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, si presha inayoifikia kahawa, na haiongezi ladha. Unga wa pakiti nao umesagwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ukipita haraka huna pa kukaza.

Jambo moja kabla hujamtumia pesa shemeji aliye Marekani: mashine za huko ni za volti 120. Zetu za ukutani ni 230 hadi 240, na kibadilisha umeme kinachoweza kubeba wati 1,300 ni kizito na ghali. Kisagio cha mkono mwambie alete. Mashine mtume aliye Muscat au Dubai, ambako volti na plagi ya pini tatu ni kama zetu.