Uzoefu wangu: kichujio cha ND8 cha kubana kwenye simu, kwa slomo za jua la Mombasa

Hiki ni kioo cheusi chenye kibanio cha kukishika juu ya lenzi. Nakitumia zaidi kwenye ukingo wa bahari wa Mama Ngina, kuwarekodi vijana wanaojirusha baharini, na kwa kazi hiyo nakisifu bila wasiwasi.

Saa saba mchana, jua likipiga maji, lenzi ya f/1.8, yaani yenye tundu pana, hupokea mwanga mwingi mno, na kwenye simu nyingi tundu hilo halipunguziki. Simu ikiachwa ijiamulie hukimbilia shata ya 1/4000, yaani kila fremu hupokea mwanga kwa sehemu hiyo tu ya sekunde, hata ISO, kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 50. Kila fremu hutoka kali mno, na mkono wa mrukaji huonekana ukikatika-katika badala ya kupita hewani. Utauona mkatiko huo zaidi pale klipu inaporudi kwenye mwendo wa kawaida.

ND8 hupitisha sehemu moja kati ya nane za mwanga, hivyo 1/4000 inashuka hadi 1/500. Ndipo hasa tunapotaka: ukirekodi fremu 240 kwa sekunde, shata nzuri ni mara mbili ya hizo, yaani 1/480. Ukicheza kwa fremu 30, sekunde moja ya kuruka inakuwa nane, na matone bado yanaonekana. Lakini lazima uwe na programu ya kamera inayokuachia kuseti shata, ISO na rangi mwenyewe. Vifunge vyote pamoja na fokasi kabla kijana hajaondoka ukingoni, la sivyo picha itabadilika mwanga akiwa hewani.

Kasoro zipo. Kibanio hufunika lenzi moja tu, kwa hiyo baki kwenye 1x. Ukivuta karibu, simu inaweza kuhamia lenzi isiyofunikwa na picha yote ikawa nyeupe. Kioo kikikaa upande, mng'ao wa maji huingia pembeni na kuacha ukungu. Upepo wa bahari nao huleta chumvi, kwa hiyo kifute kila mara kwa kitambaa laini.

Jua likishazama, kivue. Ukirekodi mishkaki na viazi karai usiku chini ya taa, tatizo ni jingine kabisa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa fremu 240 kila fremu hukamata mwanga tofauti, na ukicheza kwa 30 unaona picha ikipwita mara 12 na nusu kwa sekunde. Shata ya 1/100 ingeyameza mapepeso hayo, ila haiwezekani kwa fremu 240, kwa sababu fremu nzima haizidi 1/240. Shuka hadi fremu 60, weka 1/100, uridhike na mwendo wa nusu. Ukitaka 240 usiku, tafuta taa ya betri, na uipige klipu fupi ya majaribio hapo hapo dukani kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi yake pia hupepesa.