Uzoefu wangu na DaVinci Resolve: kusahihisha rangi kabla ya kuipa video mwonekano

Ninatumia toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kampuni ya Blackmagic Design, kuhariri video za harusi, na kilichonifanya nisiiache ni ukurasa wake wa Color, ambao unaniwezesha kutenganisha kazi mbili zinazochanganywa mara nyingi. Kazi ya kwanza ni kusahihisha: mwangaza ukae panapostahili, cheupe kionekane cheupe, na kamera mbili zilizorekodi tukio moja zifanane. Kazi ya pili ni kuipa video mwonekano, yaani hali ya rangi anayoichagua mhariri kwa makusudi, kama vile vivuli vya kibuluu au ngozi yenye joto la dhahabu.

Chukua mfano wa sherehe moja niliyoletewa niihariri, iliyorekodiwa ukumbini usiku chini ya taa za manjano za takriban Kelvini 3200. Kamera ya kwanza ilikuwa imewekwa Kelvini 5600, kipimo cha mwanga wa mchana, hivyo kila kitu kilitoka na rangi ya chungwa. Ya pili ilikuwa na rangi karibu na sahihi, ila picha yake ilikuwa na giza. Mteja alitaka mwonekano wa joto. Mtu angeweza kudhani kwamba kamera ya kwanza tayari ilikuwa nao, lakini uchungwa ule ulikuwa umeenea hadi kwenye vivuli, kwenye suti nyeusi na kwenye vitambaa vya meza, kiasi kwamba macho hayakupata cheupe chochote cha kulinganishia.

Nilianza na mwangaza katika nodi ya kwanza, yaani hatua ya kwanza ya marekebisho, nikiwa nimefungua kipimo cha Parade, ambacho huonyesha nyekundu, kijani na buluu pembeni kwa pembeni kwenye kipimio cha 0 hadi 1023. Lift, inayogusa sehemu za giza, niliishusha mpaka suti nyeusi zikakaribia chini bila kugandamizwa kwenye sifuri, kisha nikapandisha Gain, inayogusa sehemu angavu, hadi kanzu nyeupe ya mzee aliyekuwa akitoa nasaha ikakaa chini kidogo ya 900. Gamma, ya mwangaza wa kati, niliigusa kwa tahadhari, kwa kuwa ukiipandisha mno ili kuwang'arisha watu wenye ngozi nyeusi, nyuso hupoteza kina na kuwa na rangi ya majivu.

Katika nodi ya pili nilishusha Temp, kidhibiti cha joto la rangi, mpaka nyekundu na buluu za kanzu ile zikakaribiana kwa urefu, kisha nikarekebisha kijani kwa Tint. Hapa pana mtego: kanzu nyingi ni za rangi ya maziwa, si nyeupe, na ukilazimisha mistari yote mitatu ilingane juu ya kanzu ya namna hiyo, ukumbi mzima utageuka wa kibuluu. Kwa hiyo nilihakiki kwa sahani nyeupe za mezani, halafu nikatazama nyuso kwenye Vectorscope, kipimo cha aina na ukolevu wa rangi, ambacho kina mstari wa kuonyesha mwelekeo wa rangi ya ngozi. Mstari huo hufaa kwa ngozi nyeusi na nyeupe pia, kwa sababu unaonyesha aina ya rangi na si kiasi cha mwanga.

Mwonekano wenyewe sikuuweka kwenye klipu hata moja. Niliziingiza klipu zote za kamera mbili katika kundi moja, nikaacha masahihisho ya kila klipu kwenye ngazi ya Clip, na joto la dhahabu nikaliweka mara moja tu kwenye Group Post-Clip, ngazi inayogusa kundi zima baada ya masahihisho ya klipu. Mteja alipoona joto limezidi, nilipunguza mahali pamoja na sherehe nzima ikafuata, bila masahihisho kuguswa. Kama ningeuweka juu ya klipu ambazo hazijasahihishwa, mpangilio uleule ungetoa rangi mbili tofauti, na kila kamera inapobadilika mtazamaji angeiona tofauti hiyo.

Kuna mambo ambayo programu haiwezi kuyaokoa. Chini ya taa za manjano, nyekundu ndiyo hujaa kwanza, na sehemu ya kanzu iliyokwisha kufika kileleni haina tena maelezo ya kitambaa; ukishusha Temp, sehemu hiyo hupoa tu na kubaki bapa, huku mikunjo iliyo karibu nayo ikirudi. Buluu nayo huwa imerekodiwa kwa udhaifu, kwa hiyo ukiipandisha, chenga hujitokeza kwenye vivuli, na zana ya kupunguza chenga ipo katika toleo la kulipia la Studio pekee. Kwa klipu za kamera ya kwanza niliamua kutomaliza uchungwa wote vivulini: niliacha kiasi kidogo, kwani mwonekano ulioagizwa ulikuwa wa joto, na chenga zilipungua vya kutosha bila mimi kununua Studio.